Q na K: jinsi ya kujua mchanganyiko utaelekea wapi, tukitumia maji ya floraidi ya huku Meru

Ukikaa Maji ya Chai, Ngarenanyuki au kijiji chochote kinachozunguka Mlima Meru unajua habari ya floraidi, meno ya kahawia ya watoto wetu yanasema yenyewe, na kila aliyepita kemia kidogo shuleni anauliza swali hilohilo: floraidi si inashikana na kalsiamu inakuwa kitu kigumu, sasa kwa nini haishuki yenyewe chini ya ndoo, na nikiongeza kalsiamu si itashuka nichuje ninywe? Ni swali zuri kabisa na halijibiwi kwa ndiyo au hapana ya haraka haraka. Linajibiwa kwa kulinganisha namba mbili, Q na K, na nataka tulifanye hapa mpaka mwisho, tuone na pale hesabu inapotudanganya.

Kwanza tuelewane hizi namba ni nini. K ni konstanti ya msawazo, yaani mmenyuko ukishatulia kabisa kwenye joto fulani, ukichukua ukolezo wa vilivyozaliwa ukagawanya kwa ukolezo wa vilivyoanza, kila kimoja kikiwa kimepandishwa kwa kipeo chake, unapata namba ileile kila mara, haijalishi ulianza na nini. Q inaandikwa kwa fomula ileile, tofauti ni kwamba unaweka kiasi ulichonacho sasa hivi, iwe mchanganyiko umetulia au bado. Kwa hiyo Q inakuambia uko wapi na K inakuambia safari inaishia wapi. Q ikiwa ndogo kuliko K mmenyuko unasogea kulia, kuelekea vinavyozaliwa, ili Q ipande. Q ikiwa kubwa kuliko K unarudi kushoto. Zikilingana hakuna kinachosogea kwa jumla, japo chini chini ioni zinaendelea kuingia na kutoka kwa mwendo sawa.

Sasa hiyo kulia na kushoto inategemea umeandikaje mlinganyo, na hapa wengi wanateleza, wanakariri kwamba Q kubwa maana yake mashapo, afu wanakutana na swali lililoandikwa kinyume wanajibu kinyume. Andika mlinganyo kwanza, uutazame, ndo uanze hesabu. Sisi tutauandika hivi:

```
CaF₂(yabisi) ⇌ Ca²⁺ + 2F⁻
Q = [Ca²⁺][F⁻]²
K = 3.5 × 10⁻¹¹  kwenye 25 °C
```

Kulia ni kuyeyuka, kushoto ni kuganda na kutuama. Unaona CaF₂ yenyewe haipo kwenye Q. Kitu kigumu safi hakina ukolezo unaobadilika, uwe na kijiko au uwe na gunia zima ni kilekile, ndo maana hatukiweki. Na ile mbili iliyo mbele ya F⁻ inageuka kipeo, hiyo shikilia sana maana ndo itatuamulia mambo mengi huko mbele.

Kupata Q ya maji yenyewe

Chukua maji ya mfano, ya aina ile inayopatikana miteremko ya Meru: sodiamu na bikaboneti nyingi, pH kama 9, floraidi miligramu 8 kwa lita, kalsiamu miligramu 4 tu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi 1.5, kwa hiyo haya yamepita mbali.

Ripoti ya maabara inakuja kwa miligramu, na Q haitaki miligramu, inataka moli kwa lita. Hii hatua usiiruke hata kama una haraka, maana namba ya K kwenye vitabu imetengenezwa kwa moli na ukiweka miligramu utapata Q kubwa ya ajabu, utasema kila kisima Tanzania kinatoa mashapo. Floraidi: 8 gawanya kwa 19 inakuwa 0.42 milimoli, yaani 4.2 × 10⁻⁴ moli kwa lita. Kalsiamu: 4 gawanya kwa 40 ni 0.1 milimoli, yaani 1.0 × 10⁻⁴. Afu:

```
Q = (1.0 × 10⁻⁴) × (4.2 × 10⁻⁴)²
Q = 1.8 × 10⁻¹¹
```

K ni 3.5 × 10⁻¹¹. Q ni kama nusu ya K, iko chini, kwa hiyo mwelekeo ni kulia, kuyeyuka. Hapo umepata jibu la nusu ya kwanza ya swali: floraidi haishuki kwenye ndoo kwa sababu hayo maji hayajajaa, yakipita kwenye mwamba wenye CaF₂ yana nafasi ya kubeba zaidi. Kuyaacha yatulie usiku kucha hakusaidii kitu, unaweza kuyaacha mwaka. Kuyachemsha nako hakusaidii, maji yanaondoka na mvuke lakini floraidi haiondoki nayo, inabaki kwenye sufuria ikiwa imekolea zaidi.

Angalia lakini neno mwelekeo. Q ndogo kuliko K inasema CaF₂ *ingeyeyuka kama ipo*. Ndani ya ndoo ya plastiki hakuna huo mwamba, kwa hiyo hakuna cha kuyeyuka na hakuna kinachotokea. Ndo tofauti ya mmenyuko wenye kitu kigumu, upande mmoja unaweza kukosa mwenyewe, na hapo maji yanakaa tu na Q yake ndogo bila kufika K.

Na kwa nini kalsiamu ni kidogo hivyo? Kwa sababu kwenye maji hayohayo kuna mmenyuko mwingine wenye Q yake na K yake. Bikaboneti ikiwa nyingi na pH iko 9, kuna kaboneti ya kutosha, tuseme 2.2 × 10⁻⁴ moli kwa lita kwa maji yetu ya mfano. Zidisha na kalsiamu 1.0 × 10⁻⁴ unapata 2.2 × 10⁻⁸, wakati K ya kalsiamu kaboneti ni kama 3.3 × 10⁻⁹. Q imeipita K zaidi ya mara sita, kwa hiyo kaboneti ndo inayovuta kalsiamu itoke kwenye maji. Kalsiamu ikitoka, Q ya CaF₂ inashuka, na floraidi inapata uhuru wa kupanda. Yaani floraidi yetu ni nyingi kwa sababu mbili kwa pamoja: miamba ya volkano inayoitoa, na hii magadi magadi ya maji inayomfukuza yule ambaye angeishika. Kila mmenyuko unapigiwa Q yake peke yake, usichukue hukumu ya mmoja ukampa mwingine, japokuwa wanagombania kalsiamu ileile.

Tukiongeza kalsiamu

Haya, tuseme unataka kuusukuma mmenyuko kushoto. Maabara unachukua lita 1 ya maji yale na lita 1 ya maji yaliyoyeyushwa kloridi ya kalsiamu hadi kalsiamu ni miligramu 400 kwa lita, yaani 1.0 × 10⁻² moli. Unachanganya. Kabla hujagusa kalkuleta jiulize: sasa nina lita ngapi? Mbili. Kila kitu kimegawanyika kwa mbili kabla mmenyuko wowote haujaanza, na Q inapigwa kwa hali ya ndani ya mchanganyiko, sio kwa namba zilizoandikwa kwenye lebo za chupa.

Floraidi inakuwa nusu ya 4.2 × 10⁻⁴, ni 2.1 × 10⁻⁴. Kalsiamu ni ile ya maji jumlisha ya chupa gawanya kwa mbili, inakuja 5.05 × 10⁻³.

```
Q = (5.05 × 10⁻³) × (2.1 × 10⁻⁴)²
Q = 2.2 × 10⁻¹⁰
```

Linganisha na 3.5 × 10⁻¹¹. Usidanganywe na macho hapo, 10⁻¹⁰ ni kubwa kuliko 10⁻¹¹, ile alama ya kutoa inawapoteza watu hasa wakiwa na presha ya mtihani. Njia salama ni kugawanya Q kwa K: 2.2 × 10⁻¹⁰ gawanya kwa 3.5 × 10⁻¹¹ ni kama 6. Imezidi moja, kwa hiyo mmenyuko unarudi kushoto, CaF₂ inaganda.

Yule asiyegawanya kwa mbili angepata Q ya 1.8 × 10⁻⁹, ambayo ni mara nane zaidi. Nane inatoka wapi? Mbili ya kalsiamu, zidisha mbili ya floraidi, zidisha tena mbili ya floraidi kwa sababu ya kile kipeo. Kwa mfano huu mwelekeo ungebaki uleule kwa bahati, lakini chukua chupa yenye kalsiamu miligramu 50 tu uone: bila kugawanya Q inakuja kubwa kuliko K mara sita na zaidi, ukigawanya vizuri inashuka chini ya K, na jibu linageuka kabisa.

Mwelekeo tumeujua, ila mtu wa Maji ya Chai hanywi mwelekeo, anataka kujua itabaki kiasi gani. Hapo Q imemaliza kazi na unamwachia K. Kalsiamu ni nyingi sana kulinganisha na floraidi, kwa hiyo hata floraidi ikichukua yake kalsiamu inabaki kama 5.0 × 10⁻³, hakuna haja ya mlinganyo wa kipeo cha tatu. Gawanya 3.5 × 10⁻¹¹ kwa 5.0 × 10⁻³ upate 7 × 10⁻⁹, tafuta kipeuo cha pili chake, unapata 8.4 × 10⁻⁵ moli, ambayo ni miligramu 1.6 kwa lita. Rudisha kwenye Q uhakikishe inalingana na K, dakika moja tu.

Ukiisoma haraka utashangilia, kutoka 8 mpaka 1.6! Tulia kidogo. Kutoka 8 kwenda 4 ni kuongezeka kwa maji tu, hakuna kilichoganda, ungemwaga maji safi ya mvua ungepata hiyohiyo. Kilichoshuka kama mashapo ni kutoka 4 kwenda 1.6. Na umebaki na maji yenye kalsiamu miligramu 200 kwa lita na kloridi zaidi ya 350 kwa lita, ambayo utaisikia mdomoni kama chumvi. Ukitaka kufika 1.5 kamili kwa njia hii, gawanya K kwa ukolezo wa floraidi unaoutaka ukiwa umepandishwa kipeo cha pili, utaona inahitajika kalsiamu inayobaki kwenye maji ya kama miligramu 225 kwa lita. Hiyo ni sakafu iliyowekwa na K yenyewe, huwezi kuishusha kwa kukoroga zaidi au kwa kusali. Mimi kwa hesabu hii simshauri mtu aanze kumwaga kloridi ya kalsiamu kwenye maji ya kunywa ya familia.

Pale hesabu inapodanganya

Kuna mambo matatu na yote ukiyajua mapema unajiokoa.

La kwanza ni Q na K kukaribiana. Rudia jaribio lile kwa chupa yenye kalsiamu miligramu 80 badala ya 400. Ukipiga vizuri utapata Q ya 4.6 × 10⁻¹¹, K ni 3.5 × 10⁻¹¹, unasema imezidi, itaganda. Kumbe pengine haigandi. Ioni kwenye maji yenye chumvi hazifanyi kazi kwa nguvu yake yote, kila moja imezungukwa na za chaji tofauti zinazoivuta huku na huku, na zenye chaji mbili kama kalsiamu ndo zinaathirika zaidi. Ukiweka sahihisho hilo kwenye mfano huu, Q ya kweli inashuka mpaka karibu 2.9 × 10⁻¹¹, iko chini ya K, hukumu imegeuka. Kwenye mfano wetu mkubwa nako Q inashuka, kutoka 2.2 × 10⁻¹⁰ hadi kama 1 × 10⁻¹⁰, lakini bado iko juu ya K kwa karibu mara tatu kwa hiyo mwelekeo haubadiliki, kinachobadilika ni mwisho wa safari, floraidi inabaki kama 2.4 badala ya 1.6. Ongeza na hili kwamba vitabu vyenyewe havikubaliani kabisa kuhusu K ya CaF₂, kimoja kina 3.5 kingine 3.9. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: Q gawanya kwa K ikianguka kati ya theluthi moja na tatu, kwenye maji ya kawaida usitoe hukumu kwa ukolezo mtupu, ama upige masahihisho ama upime kwa vitendo. Ikiwa nje ya hapo, sema kwa kujiamini.

La pili ni yule mgombea mwingine, kaboneti. Kalsiamu uliyomwaga haiendi yote kwa floraidi, sehemu inadakwa na kaboneti mara moja kwa sababu Q yake ilikuwa tayari juu. Utaona maji yameingia weupe ukafikiri floraidi imeshuka kumbe ni chokaa. Namna ya kujua ni rahisi: chukua yale mashapo meupe kidogo, dondoshea siki au asidi dhaifu, yakitoa mapovu hiyo ni kaboneti. Afu kalsiamu ya kuweka kwenye Q ya CaF₂ ni ile uliyoipima kwenye maji baada ya hiyo chokaa kutuama, sio ile uliyoimwaga.

La tatu ni muda. Q na K hazijui saa. Zinasema itaelekea wapi, hazisemi itafika lini, na CaF₂ ni mvivu kuanza kuganda pakiwa hakuna punje yake ya kuanzia, hasa Q ikiwa imeizidi K kidogo tu. Ukipima baada ya nusu saa ukakuta floraidi haijashuka usiandike kwamba hesabu ilikosea. Tia unga kidogo wa CaF₂ wenyewe, koroga, acha mpaka kesho, pima tena. Kipimo kikirudia namba ileile mara mbili zilizoachana ndo useme umefika.

Kwa nini watu walienda kwenye mkaa wa mifupa

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto huku Meru kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ukiwa umeshika Q na K utaona kwa nini hiyo njia ina nafasi zaidi. Mfupa uliochomwa una madini ya kalsiamu na fosfeti yenye OH ndani yake, na floraidi inaingia kwenye kiti cha OH. Kwa kurahisisha:

```
Ca₅(PO₄)₃OH + F⁻ ⇌ Ca₅(PO₄)₃F + OH⁻
Q = [OH⁻] / [F⁻]
```

Vigumu viwili vimetoka kwenye fomula, imebaki OH⁻ juu na F⁻ chini. Safari hii hakuna kipeo na hakuna kalsiamu ya kumwaga. Maji yetu ya pH 9 yana OH⁻ ya 1 × 10⁻⁵, floraidi 4.2 × 10⁻⁴, kwa hiyo Q ni kama 0.024. Madini yenye floraidi yanayeyuka kwa shida zaidi kuliko yale yenye OH, ndo maana K ya mmenyuko huu imepita moja kwa mbali. Q iko chini sana, mwelekeo ni kulia, floraidi inaingia kwenye mfupa. Hata floraidi ikishuka mpaka 1.5 Q inafika 0.13 tu, bado iko chini, wakati kule kwa kalsiamu tulikuwa tumeshagonga sakafu.

Kinachoisha hapa ni viti. Mmenyuko unafanyika juu ya uso wa punje, na uso ukijaa maji yanapita yakiwa na floraidi yake hata kama Q inasema kulia. Utaijua siku hiyo kwa kupima maji yanayotoka, sio kwa kuonja wala kwa rangi, maana floraidi haina ladha ya kukustua kwa viwango hivi. Ukiona kinachotoka kinapanda kuelekea kile kinachoingia, chujio limechoka.

Na kulirudisha ni Q hiyohiyo ukiipindua kwa makusudi. Wanapitisha soda kali, sodiamu haidroksaidi. Ukifikisha OH⁻ 0.1 moli kwa lita badala ya 1 × 10⁻⁵, Q inapanda mara elfu kumi, mmenyuko unasukumwa kushoto na floraidi inatoka kwenye mfupa inaingia kwenye ile soda. Halafu lazima lioshwe mpaka pH ishuke ndo lirudishwe kazini, na ile soda iliyotoka imebeba floraidi iliyokolea, isimwagwe mferejini wala karibu na kisima.

Kama una ripoti ya maji yako na unataka kuanza leo, tafuta namba nne: floraidi, kalsiamu, bikaboneti na pH. Ripoti nyingi zinakuja na floraidi peke yake, hiyo inakuambia una tatizo ila haikupi Q hata moja, kwa hiyo unapopeleka chupa maabara omba zote nne zipimwe kwenye chupa hiyohiyo na siku hiyohiyo.